Kanzu ya Mwenzako kwa Viraka Vyako

Mwaka juzi nilikuwa msibani hapa Kibaoni. Nimeketi na wazee wenzangu chini ya mwembe, akaja mwanamume wa makamo, akainama na kuniamkia: "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia marahaba, nikamtazama bila kumtambua. Aliponitajia jina lake nikamkumbuka mara moja, nami nikatamani nisingemkumbuka. Alipokuwa kidato cha tatu nilimsimamisha mbele ya darasa, nikasoma aya yake kwa sauti, kisha nikamwita mwizi. Nikampa sifuri. Kabla ya siku ile alikuwa akibandika mashairi yake kwenye ubao wa matangazo wa shule. Baada yake sikuona tena hata ubeti mmoja wenye jina lake.

Tuliongea mengi, habari za watoto na za mpunga. Tulipokuwa tukiagana akasema, bila hasira yoyote: "Mwalimu, siku ile uliniambia kwamba nimeiba. Hukuniambia nilipaswa kufanya nini."

Maneno hayo yalinilaza macho, kwa kuwa alisema kweli. Leo naandika jibu ambalo nilikuwa na deni lake tangu wakati huo.

Zoezi lenyewe nilikuwa nimelitunga mimi. Enzi hizo Mpanda ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, maana Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012. Ukitoka Mpanda kuja Kibaoni unapita Sitalike, unavuka Mto Katuma, kisha unaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi kabla ya kutokeza huku kwetu. Pale darajani Sitalike, wakati wa kiangazi, viboko huonekana wamelundikana majini kama mawe. Nami nikaandika kifungu hiki:

"Masika yanapokwisha, Mto Katuma hupungua hata yakabaki madimbwi machache. Viboko waliotawanyika mbugani hulazimika kukusanyika katika madimbwi hayo, wakabanana mgongo kwa mgongo. Madume hupigania nafasi, na mara nyingi hujeruhiana vibaya. Mvua za kwanza zinaponyesha, msongamano huo huisha na wanyama hurudi katika malisho yao ya zamani."

Chini yake niliandika agizo ambalo kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuliandika: "Eleza habari hii kwa maneno yako mwenyewe." Kijana yule alileta aya ifuatayo. Naweza kuinukuu kwa sababu niliinakili katika daftari langu la makosa, nililolitumia kuyaonya madarasa yaliyofuata:

"Majira ya mvua yanapomalizika, Mto Katuma hukauka hata yakabaki vidimbwi machache. Viboko waliosambaa nyikani hulazimika kukutana katika vidimbwi hayo, wakasongamana mgongo kwa mgongo. Madume hugombania nafasi, na aghalabu huumizana vibaya. Mvua za mwanzo zinapoanguka, mbanano huo huisha na hayawani hurejea katika malisho yao ya kale."

Msomaji na aziweke aya hizi mbili sambamba. Yangu ina sentensi nne. Yake ina nne. Kila sentensi yake inaanza pale yangu inapoanzia na kukoma pale yangu inapokomea. Koma zimekaa mahali pale pale. "Mgongo kwa mgongo" imebaki kama ilivyo. Alichofanya ni kutoboa tundu hapa na pale katika kanzu yangu na kulishonea kiraka: "kukusanyika" pakawa "kukutana", "zamani" pakawa "kale". Kanzu ni ile ile, mkato ni ule ule, na mshonaji wake ni yule yule wa kwanza.

Jambo hili nimezoea kuliita uandishi wa viraka. Wataalamu wa uandishi walianza kulipa jina lake la pekee katika miaka ya 1990, hasa kwa kazi za Rebecca Moore Howard wa Marekani. Aliona kwamba mwanafunzi anayefanya hivi huondoa maneno mawili matatu ya chanzo, hugeuza kidogo sarufi, na huweka kisawe mahali pa neno, moja kwa moja. Jambo jipya alilolisisitiza ni kwamba mara nyingi huo si ujanja wa mtu anayetaka kudanganya. Ni hatua ya mtu anayejaribu kuingia katika lugha ambayo bado haimudu. Mwaka 2010, yeye na wenzake wawili walichapisha uchambuzi wa insha 18 za wanafunzi wa chuo kikuu. Hawakukuta hata insha moja ambamo mwandishi alikuwa amefupisha chanzo kizima. Wanafunzi walifanya kazi na sentensi moja moja, kama mtu anayechuma majani bila kuutazama mti.

Niliposoma hayo, uzeeni, nililirudia agizo langu nikaliona kwa macho mengine. "Kwa maneno yako mwenyewe." Kijana alinitii! Nilimwomba maneno, naye akabadilisha maneno. Sikumwomba mpangilio wake, wala swali lake, wala ufahamu wake. Agizo letu hilo, tulilolirithi na kulirithisha, ndilo linalozaa viraka, kwa sababu linamwelekeza mwanafunzi kwenye neno wakati ugonjwa uko kwenye usomaji.

Sisi wa Kiswahili tuna bahati moja: lugha yetu humfichua mshona viraka. Itazame tena sentensi ya kwanza ya kijana. Aliondoa "madimbwi" akaweka "vidimbwi", lakini akaviacha viambishi vya ngeli ya nomino iliyoondoka: "yakabaki vidimbwi machache", na mbele kidogo, "vidimbwi hayo". Mtu anayeisema habari kutoka kichwani mwake hasemi hivyo, hata kama hajui jina la ngeli hata moja. Upatanisho huvunjika namna hii pale jicho linapotembea juu ya sentensi ya mtu mwingine huku mkono ukibadilisha neno moja. Kwa hiyo, ninaposahihisha na kukuta nomino ya ngeli moja imebeba vivumishi vya ngeli nyingine, siharakii tena kuandika "kosa la sarufi". Najiuliza kwanza: ni neno gani lilikuwa limeketi hapa kabla ya hili?

Alama ya pili imo katika maana. Mimi niliandika kwamba mto "hupungua". Yeye akaandika kwamba "hukauka". Mto uliokauka hauna dimbwi la kuwasetiri viboko, kwa hiyo sentensi yake inajipinga yenyewe. Niliandika "mbugani", akaandika "nyikani". Mbuga ninayoisema ni uwanda wa majani ambao masika hujaa maji, na nyika ni pori kavu. Kiboko wa nyikani atakufa kwa jua. Visawe katika kamusi hukaa jirani, lakini kila kimoja kina nyumba yake. Mwenye kubadilisha neno bila kuitazama picha iliyo nyuma yake ataibomoa picha hiyo bila kujua.

Washairi wanaweza kuniuliza: je, sisi hatukulelewa kwa kazi za kukopa? Takhmisi ni nini ikiwa si kuivaa kanzu ya mwenzako? Swali ni la haki, na jibu lake linalitia jambo hili nuru. Mtunzi wa takhmisi huchukua mishororo ya mshairi mwingine ikiwa mizima, akaiongezea yake mpaka ubeti ukatimia mishororo mitano. Ndivyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alivyofanya kwa utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo, na kazi hiyo huitwa kwa jina la Liyongo hadi leo. Hakubadilisha neno la Liyongo kwa kisawe ili lionekane lake. Alichokopa alikiacha kikiwa kizima na kinachotambulika, na alichoongeza kilikuwa chake kweli. Mshona viraka hufanya kinyume katika yote mawili: alichokopa hukichakaza kisitambulike, wala haongezi chochote.

Sasa niende kwenye deni lenyewe: aya ya namna ile hutengenezwaje?

Niseme kwanza njia isiyofaa, maana niliifundisha kwa miaka mingi. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wageuze kauli: "Madume hupigania nafasi" iwe "Nafasi hupiganiwa na madume". Au waitangulize sehemu ya pili ya sentensi. Hilo ni kuigeuza kanzu ndani nje. Ukiongeza viraka juu ya viraka hutafika kwenye nguo mpya. Aya ya viraka haitengenezwi kwa kuisahihisha. Huwekwa kando, kisha mtu hurudi kwenye chanzo.

Akirudi, asome mpaka aweze kumsimulia jirani. Hapo ndipo kipimo kilipo. Afunike kitabu, amwendee mtu, amwambie: "Nimesoma habari fulani, inasema hivi." Akikwama, basi tatizo lake si la uandishi, bado hajaelewa, na hakuna hila ya kalamu itakayomwokoa. Akiweza, ajiulize jambo la pili: habari hii inajibu swali gani ambalo mimi ninalo? Kifungu changu kimepangwa kwa kufuata majira: masika, kiangazi, masika tena. Huo ulikuwa mpangilio wangu, kwa sababu nilitaka kuonyesha mzunguko wa mwaka. Lakini msomaji anaweza kuwa na swali lake, kwa mfano: kwa nini viboko hawa hupigana? Swali hilo likishika usukani, mpangilio hubadilika wenyewe. Chanzo cha ugomvi kitatangulia, na majira yatakuja baadaye kama ushahidi.

Kisha aandike chanzo kikiwa kimefunikwa bado. Nilifanya zoezi hilo mimi mwenyewe, usiku ule baada ya msiba, kana kwamba ndimi yule kijana. Nikapata hivi:

"Mwalimu anaeleza kwamba ugomvi wa viboko wa Katuma ni ugomvi wa msimu. Chanzo chake ni uhaba wa maji: kiangazi kinapowaleta wote mahali pamoja, madume huuana kwa kugombea pa kukaa. Mto ukijaa tena hutawanyika, na sababu ya kupigana huondoka."

Ndipo nikafunua chanzo ili kukagua, na ukaguzi huu hauna ruhusa ya kurukwa. Anayeandika kwa kukumbuka huepuka viraka, lakini hukaribisha hatari nyingine, ya kuongeza chumvi. Nilikuwa nimeandika "huuana", ilhali kifungu kinasema hujeruhiana tu. Nilikuwa nimeandika "mto ukijaa tena", ilhali kifungu kinataja mvua za kwanza, wakati ambapo mto haujajaa. Na kule kuondoka kwa sababu ya kupigana hakumo kabisa katika kifungu. Ni hitimisho langu, tena si baya, lakini halina haki ya kuwekwa kinywani mwa mwalimu. Nikarekebisha:

"Mwalimu anaeleza kwamba ugomvi wa viboko wa Katuma ni ugomvi wa msimu. Chanzo chake ni uhaba wa maji: kiangazi kinapowaleta wote mahali pamoja, madume huumizana kwa kugombea pa kukaa. Mvua zikianza hutawanyika, na hapo, naona mimi, hata sababu ya kupigana huondoka."

Sentensi zimekuwa tatu. Mpangilio si wa majira tena. Neno "viboko" limebaki, na "Katuma", na "madume". Wala sikuhangaika kuyabadilisha, kwa sababu ni majina ya vitu vyenyewe, mali ya kila mtu. Mwanafunzi aliyeambiwa abadilishe kila neno ndiye anayeandika "hayawani" mahali pa "wanyama" na kuwachekesha wasomaji. Kama ningependa kuibakiza "mgongo kwa mgongo" kwa sababu inanipendeza, ningeitia ndani ya alama za kunukuu. Na jina la mwenye habari limetajwa mwanzoni. Ni vizuri kulikumbuka hili, maana kuna wanaodhani kutaja chanzo kunatosha, na wengine wanaodhani kubadilisha maneno kunawaondolea wajibu wa kutaja. Aya ya viraka yenye jina la mwandishi chini yake bado ni ya viraka, kwani inamdanganya msomaji kuhusu nani aliyezipanga sentensi. Na ufafanuzi mzuri usiotaja chanzo bado ni wizi wa wazo.

Ningeweza kuishia hapo, lakini ingekuwa nusu ya kweli. Kazi ile ya usiku ilinitia hofu ya aina nyingine. Ndani ya sanduku langu la vitabu yamo maandalio yangu ya ushairi, niliyoyafundishia miaka mingi na ambayo wanafunzi waliyanakili neno kwa neno wakidhani ni yangu. Asubuhi nikayatoa, pamoja na kitabu nilichokuwa nikikitumia nilipoyaandika. Pembeni mwa kurasa za kitabu mlikuwa na alama za penseli, moja kwa kila sentensi. Nilizitia mimi mwenyewe, ili nisipotee nilipokuwa "naandika kwa maneno yangu".

Sikuhitaji kusoma zaidi. Mwizi niliyemsimamisha mbele ya darasa alikuwa na mwalimu wake.

Nilikaa na kurasa hizo siku kadhaa. Aya moja, ya maelezo ya vipande vya ubeti, ukwapi na utao, mwandamo na ukingo, niliona haina namna nyingine nzuri ya kusemwa, kwa kuwa maelezo ya istilahi ni mafupi na yamebana. Hapo dawa si kufafanua bali ni kunukuu. Nikainakili kama ilivyo, nikaifunga kwa alama, nikaandika jina la mwenyewe na ukurasa.

Aya ya pili ilihusu uhusiano wa mizani yetu na arudhi ya Kiarabu. Nilifunika kitabu ili niieleze, nikajikuta sina la kusema. Nilikuwa nimeifundisha aya hiyo miaka yote pasipo kuielewa! Nikakumbuka kwamba binti mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, inafuata arudhi kwa namna gani?", nami nikamjibu kwamba swali hilo haliji kwenye mtihani. Ilinibidi nianze upya kusoma. Nilipoelewa, niliandika mambo mawili tu: kwamba mshairi wa Kiswahili huhesabu silabi, nane kwa nane katika tarbia tuliyoizoea, 16 kwa kila mshororo; na kwamba arudhi ya Kiarabu hupima mfuatano wa silabi ndefu na fupi, tofauti ambayo katika Kiswahili haina kazi hiyo. Kwa hiyo tunaweza kuwa na istilahi zilizotoka huko na bado tukawa tunapima kitu kingine. Aya hiyo sasa ni fupi kuliko ya kwanza, nami naweza kusimama mbele ya binti yule nikaitetea.

Aya ya tatu niliifuta. Niliifunika, nikaifunua, nikaifunika tena, na kila mara sikuona kwa nini ilikuwamo. Iliwekwa kwa sababu kitabu kilikuwa nayo.

Baadaye nilimtafuta kijana wangu, ingawa sasa si kijana, nikampelekea karatasi mbili: aya yake ya zamani na ile niliyoiandika usiku ule. Nikamwomba radhi. Akazisoma zote mbili taratibu, kidole kikifuata mistari, kisha akaweka kidole juu ya "vidimbwi hayo", akatabasamu. "Hata ngeli zilinisaliti, mwalimu," akasema. Akaikunja ile ya pili na kuitia mfukoni. Ile ya kwanza alinirudishia, akasema ni yangu.